Mashine ya sabuni inakataa mikono myeusi: ni betri au ni rangi?

"Wakuu, kazini wameweka mashine za sabuni za kujitoa zenyewe. Wenzangu weupe wakipeleka mkono tu inatoa, mimi mpaka nihangaike. Fundi anasema ni betri. Kweli?"

Mkuu, huenda fundi yuko sahihi nusu. Nimefunga na kutengeneza mashine hizi kwa miaka kadhaa, na mkono wangu ni mweusi kabisa, kwa hiyo hili nalijua.

Ndani kuna kitaa kinachotoa mionzi ya infraredi na sensa inayopokea mionzi inayorudi kutoka mkononi. Iliyorudi ikifikia kiwango kilichowekwa, mota inasukuma sabuni. Melanini ya ngozi hunyonya sehemu ya mionzi hiyo. Kwa infraredi tofauti ya ngozi ni ndogo kuliko tunavyoiona kwa macho, lakini ipo. Kiwango kikiwekwa juu ili mashine isijiwashe kwa sinki jeupe, mkono mweusi unabaki ukingoni. Betri ikichoka au kioo cha sensa kikishika ukungu wa sabuni, mionzi inapungua kwa wote, ila anayekosa wa kwanza ni aliyekuwa ukingoni. Ndiyo maana betri mpya "inatibu" kwa wiki chache, kisha tatizo linarudi.

Mashine moja niliipima kwa rula, betri zikiwa mpya na kioo kimefutwa. Karatasi nyeupe iliiwasha kwa sentimita 11, kiganja changu 7, mgongo wa mkono wangu 5. Watu walikuwa wanaweka mikono kwenye 8 hivi. Mwaka 2017 Chukwuemeka Afigbo, Mnigeria, alisambaza video ya jambo hilihili: mkono mweusi haukupata sabuni, karatasi nyeupe ikapata.

Angalia tofauti ya kiganja na mgongo. Viganja vyetu ni vyeupe zaidi, kwa hiyo mbunifu anayejaribu kwa kukinga kiganja tu atapitisha hata bomba la maji la kujifungua lenyewe ambalo sensa yake inatazama mgongo wa mkono. Jaribio la maana linasogeza mikono ya watu wa rangi mbalimbali polepole kutoka mbali na kuandika umbali ambao kila mmoja anaiwasha: pande zote mbili, mkavu na wenye maji, tena betri zikiwa zimekaribia kuisha. Wengine hutumia kadi, nyeupe inayorudisha asilimia 90 ya mionzi na kijivu inayorudisha asilimia 18. Zinasaidia kulinganisha mashine na mashine, lakini hazichukui nafasi ya ngozi. Usijaribu kwa kitambaa cheusi: vitambaa vingi vyeusi hurudisha infraredi kwa wingi, utadhani mashine ni nzima.

Wabunifu makini huachana na kupima wingi wa mionzi. Wanatumia sensa inayokadiria umbali kwa pembe ya mionzi inayorudi, au kwa muda wake wa kwenda na kurudi, na hapo rangi haina uzito mkubwa.

Kwako, mwambie fundi afute kioo, aweke betri mpya, kisha apime kwa mgongo wa mkono wako. Kama bado inagoma, zingine zina skrubu ndogo ya usikivu nyuma ya bodi. Aizungushe kidogo kidogo, na mashine ikianza kutema sabuni bila mtu, airudishe nyuma kidogo.