Andika Hasara kwa Logiti Kwanza: Jinsi p − y Inavyopatikana

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa na vijana wanne hapa Uyole, Mbeya, tukifundisha modeli ndogo kutambua majani ya viazi mviringo ambayo tulikuwa tumeyapiga picha katika mashamba ya Umalila. Makundi yalikuwa matatu: jani zima, jani lenye bakajani tangulia, ambalo madoa yake huwa na duara ndani ya duara, na jani lenye bakajani chelewa, ambalo ukiligeuza asubuhi yenye ukungu unakuta utando mweupe pembezoni mwa doa. Picha hazikutusumbua sana. Kilichotushika kwa siku mbili ni mstari mmoja wa hesabu, ule unaoiambia modeli irekebishe alama zake kwa kiasi gani baada ya kukosea.

Binti mmoja katika kundi hilo alijaza kurasa mbili za daftari la mraba akitafuta jibu kwa mkono. Alipofika mwisho alikuwa amekata kwa kalamu nyekundu karibu kila kitu alichokiandika, kisha akaniuliza, "Mwalimu, vyote vimekatana, imebaki p kutoa y peke yake. Hii ni bahati tu, au kuna sababu?" Hapo p ni uwezekano ambao modeli inalipa kundi, na y ni lebo, 1 kwa kundi la kweli na 0 kwa mengine. Sababu ipo, na ushauri wangu kwa yeyote anayeifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza ni kwamba aiandike hasara, yaani namba inayopima modeli imekosea kiasi gani, kwa logiti kabla hajaanza kutafuta mteremko wowote, kwa kuwa ukifanya hivyo sababu hiyo inaonekana waziwazi.

Logiti ni zile alama ghafi ambazo safu ya mwisho ya modeli inatoa kwa kila kundi. Zinaweza kuwa hasi, zinaweza kuzidi moja, na peke yake kila moja haina maana ya uwezekano. Tuziite z. Softimaksi huchukua kila logiti, huipandisha kuwa kipeo cha e, kisha hugawanya kwa jumla ya vipeo vyote, ili majibu yawe chanya na jumla yake iwe 1. Entropia mtambuka, kwa picha yenye lebo moja ya kweli ambayo tutaiita c, ni logarithimu asilia ya uwezekano wa kundi hilo, ikageuzwa alama:

```
p_j = e^(z_j) / (e^(z_1) + e^(z_2) + e^(z_3))
L   = -ln(p_c)
```

Tunachotafuta ni mteremko, yaani kiasi ambacho L inabadilika pale logiti moja inaposogezwa kidogo huku nyingine zikiachwa zilivyo.

Binti yule alipita njia ambayo wengi huipita. Alitafuta kwanza mteremko wa softimaksi yenyewe kwa kanuni ya mgawanyo, na kwa kuwa logiti moja inaonekana juu ya mstari wa mgawanyo na pia ndani ya jumla iliyo chini yake, alilazimika kutenganisha hali mbili. Logiti inayosogezwa ikiwa ni ya kundi la kweli, p_c hubadilika kwa kasi ya p_c(1 − p_c). Ikiwa ni ya kundi jingine j, hubadilika kwa kasi ya −p_c·p_j. Kisha kanuni ya mnyororo inadai azidishe kwa mteremko wa −ln(p_c), ambao ni −1/p_c. Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipofanya kazi: p_c ya juu na p_c ya chini zikakatana, katika hali ya kwanza pakabaki p_c − 1, na katika hali ya pili pakabaki p_j. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, lakini mtu anaimaliza akiwa na jibu mkononi bila kujua lilikotoka.

Sasa tuiandike hasara upya. Logarithimu ya mgawanyo ni tofauti ya logarithimu mbili, na logarithimu asilia ya e^(z_c) ni z_c yenyewe. Kwa hiyo:

```
L = ln(e^(z_1) + e^(z_2) + e^(z_3)) - z_c
```

Hapa hakuna tena mgawanyo. Kuna vipande viwili tu, na kila kimoja kina kazi yake. Kipande cha pili ni mstari mnyoofu: mteremko wake ni −1 kwa logiti ya kundi la kweli na 0 kwa nyingine zote, na hiyo ndiyo lebo y ikiwa na alama ya kutoa. Kipande cha kwanza ni logarithimu ya jumla ya vipeo, na mteremko wake kwa z_j ni 1 gawanya kwa jumla hiyo, mara e^(z_j), ambao ndio softimaksi yenyewe, yaani p_j. Ukiviunganisha unapata p_j − y_j kwa kila kundi, bila kutenganisha hali yoyote.

Hilo ndilo nililomjibu binti yule. Vitu vilikatana kwa sababu softimaksi ni mteremko wa logarithimu ya jumla ya vipeo, na entropia mtambuka ndiyo hasara inayoitoa logarithimu hiyo nje. Kwanza alikuwa ameingia ndani ya mgawanyo, kisha hasara ikamtoa humo kwa mlango uleule.

Tuchukue jani moja tuliloliona kwenye skrini siku ile. Lebo yake ilikuwa bakajani chelewa, lakini doa lilikuwa dogo na limejificha karibu na kikonyo, hivyo modeli ililiona kuwa jani zima. Nimezikaribisha logiti zake ili ziwe rahisi kufuata: 2.1 kwa jani zima, 0.3 kwa bakajani tangulia na 1.2 kwa bakajani chelewa. Vipeo vyake ni 8.166, 1.350 na 3.320, na jumla ni 12.836. Ukigawanya unapata uwezekano wa 0.636, 0.105 na 0.259. Hasara ni −ln(0.259), takriban 1.35. Mteremko, kwa kutoa lebo (0, 0, 1), ni 0.636, 0.105 na −0.741.

Zisome namba hizo taratibu. Kwa kuwa tunasogeza logiti kinyume cha mteremko, alama ya bakajani chelewa itapandishwa, na zile nyingine mbili zitashushwa, kila moja kwa kadiri ya uwezekano ambao modeli iliupa bila kustahili. Jani zima, lililojitwalia 0.636, linabeba lawama kubwa. Bakajani tangulia inabeba kidogo. Jumla ya namba zote tatu ni sifuri, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu jumla ya p ni 1 na jumla ya y ni 1. Mimi huitumia jumla hiyo kama kipimo cha kwanza: ikiwa si sifuri, kuna kosa mahali fulani.

Kipimo cha pili ni kusogeza kwa mkono. Ongeza logiti ya bakajani chelewa kutoka 1.20 hadi 1.21, hesabu hasara upya, toa ile ya kwanza, gawanya kwa 0.01: utapata −0.7404. Fanya pande zote mbili, 1.21 na 1.19, na ugawanye tofauti ya hasara kwa 0.02, nawe utapata −0.7413, sawa na kanuni inavyosema ukibakiza tarakimu nne. Ukilinganisha na namba ambazo programu inatoa, kumbuka kwamba hasara kwa kawaida ni wastani wa fungu zima la picha. Katika fungu la picha 32, jani letu litaonyesha −0.0232, wala si −0.7413. Kijana mmoja alipoteza jioni nzima hapo akidhani hesabu yake ni mbovu.

Umuhimu wa p kukatana unaonekana vizuri zaidi pale isipokatana. Tuseme makundi ni mawili tu, na modeli imekosea kwa kujiamini kabisa, ikilipa kundi la kweli uwezekano wa 0.001. Kwa entropia mtambuka mteremko wa logiti hiyo ni −0.999, yaani karibu nguvu yote inayowezekana. Tumia badala yake nusu ya jumla ya miraba ya tofauti kati ya p na y, na ule mteremko wa softimaksi, p(1 − p), hautapata wa kuukata. Utabaki ukizidisha, na mteremko utakuwa takriban −0.002. Modeli iliyopotea mbali zaidi ndiyo itakayosukumwa kidogo zaidi, na itakaa palepale kwa muda mrefu.

Kosa letu wenyewe lilifanana na hilo. Tulikuwa tumeweka softimaksi mwishoni mwa modeli, kisha tukapeleka majibu yake kwa `CrossEntropyLoss` ya PyTorch, ambayo inatarajia logiti na ndani yake inafanya softimaksi tena.

```python
p = torch.softmax(z, dim=1)
hasara = nn.CrossEntropyLoss()(p, lebo)   # kosa
hasara = nn.CrossEntropyLoss()(z, lebo)   # sahihi
```

Programu haikulalamika hata kidogo. Hasara ilianza karibu na 1.0986, ambayo ni ln(3), kama inavyopaswa kwa makundi matatu, na usahihi ukapanda polepole. Lakini hasara ilifika karibu na 0.55 na kugoma kushuka zaidi. Sababu inahesabika. Softimaksi ya pili inapokea namba zilizo kati ya 0 na 1 tu, hivyo hata modeli ikiwa na uhakika kamili na ikawa sahihi, inapokea 1, 0, 0, na kundi la kweli linapata e/(e + 2), yaani 0.576, ambayo hasara yake ni 0.5514. Upande wa pili, hata ikikosea kwa uhakika kamili, hasara haipiti 1.5514. Kwa hiyo, ukichapisha hasara ya picha mojamoja katika kazi ya makundi matatu na usione hata moja nje ya mipaka hiyo miwili, usihangaike na kasi ya kujifunza wala kuongeza picha. Nenda moja kwa moja kwenye safu ya mwisho na uondoe softimaksi iliyozidi. Tulipoiondoa, yale majani yenye madoa ya karibu na kikonyo yalianza kujifunzwa.

Jambo la mwisho ni mpaka wa kanuni yenyewe. Kote huko nimetumia lebo ambazo jumla yake ni 1. Lebo laini, kwa mfano 0.9 kwa kundi moja na 0.05 kwa kila lililobaki, hazina shida, na p − y inabaki vilevile. Lakini shambani tulikuta majani yenye magonjwa yote mawili, na kijana mmoja akayapa lebo (0, 1, 1). Hapo logarithimu ya jumla ya vipeo inahesabiwa mara mbili, na mteremko unakuwa 2p − y. Unafika sifuri pale kila ugonjwa unapopata 0.5, kwa hiyo modeli haiwezi kamwe kusema kwa uhakika kwamba yote mawili yapo. Kwa majani hayo tuliiacha softimaksi, tukaupa kila ugonjwa sigmoidi yake, inayogeuza logiti moja kuwa uwezekano kati ya 0 na 1, na entropia mtambuka ya makundi mawili, ndiyo na hapana. Na tulipoandika hasara hiyo kwa logiti, mteremko wa kila ugonjwa ukatoka tena p − y.