Pro bono: "mpaka mwisho" ni mpaka wapi?

Nawaandikia ninyi mlioapishwa juzi na kuja kuanzia kazi huku kusini, Mtwara au Lindi. Kabla mwezi haujaisha atakuja mtu ofisini, mama mwenye mfuko wa makaratasi au mzee aliyetumwa na mtendaji wa kijiji, aseme hana hela. Utamwonea huruma, utamwambia utamsaidia bure. Hilo neno "bure" ndilo lililoniponza mimi.

Pro bono ni kifupi cha pro bono publico, Kilatini, maana yake "kwa manufaa ya umma". Ukiitazama vizuri, haitaji bei popote. Inataja kazi inafanywa kwa ajili ya nani. Kutokudai ada ni matokeo tu. Ndiyo maana wakili akienda kuchimba msingi wa madrasa Jumamosi, huyo anajitolea, hafanyi pro bono. Pro bono ni ile kazi yako uliyosomea, ambayo mwingine angekulipa, ukiifanya kwa kiwango kilekile kwa mtu au kikundi kisichoweza kulipa. Msanifu majengo akiichorea madrasa hiyo ramani bila kudai ada, hapo sawa. Mhasibu akikagua vitabu vya kikundi cha akina mama, hapo pia sawa. Lakini mwanasheria anayelipwa mshahara na shirika linalotoa msaada wa kisheria hafanyi pro bono hata kama mteja hatoi senti, kwa sababu anayelipa yupo, ni shirika. Na wakili anayesema "usinilipe sasa, tukishinda nitakata changu" asijipambe na hilo neno. Huyo amekopesha.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mjane kutoka upande wa Tandahimba. Shemeji yake alikuwa amemfungulia shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akidai shamba la mikorosho ambalo mama yule alikuwa amelipanda na marehemu mumewe. Nikamwambia, "Mama, usijali, nitakusimamia mpaka mwisho, hutanilipa." Hatukuandikiana kitu. Niliona aibu kumwekea mkataba mtu nisiyemdai chochote.

Tulishindwa. Hukumu ilisomwa tarehe 6 Machi, na akaamriwa kumlipa shemeji gharama za kesi. Hapo mama alinitazama kama mtu aliyeuziwa gunia la maganda. Hakujua kwamba mimi kutomdai hakumzuii mpinzani wake kumdai. Nami sikuwahi kumwambia. Mwambieni mteja hilo siku ya kwanza, kwa maneno mepesi: ukishindwa, unaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzako, na pro bono yangu haikukingi hapo.

Nilimshauri aombe nakala ya hukumu, nikampa pole, nikafunga faili. Kwangu mimi "mwisho" ulikuwa hukumu. Kwake yeye "mwisho" ulikuwa siku atakapokaa kwenye mikorosho yake bila bughudha. Akarudi kijijini kusubiri, akiamini nimeshakata rufaa.

Tarehe 4 Mei akatokea ofisini. "Mwanangu, Mahakama Kuu wamesemaje?"

Nilinyamaza, nikachukua kalenda. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu katika shauri lililoanzia hapo ina siku 45. Ukihesabu kutoka tarehe 6 Machi, zinaishia tarehe 20 Aprili. Tulishapitwa wiki mbili. Ningelazimika kuomba kuongezewa muda, na kwenye kiapo cha maombi hayo kila siku ya kuchelewa inatakiwa ielezewe. Ningeandika nini? Kwamba wakili alidhani kazi imekwisha? Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kutosha, na hazina kipengele cha kumhurumia wakili asiyelipwa. Pro bono haina uzembe wa bei nafuu.

Kilichotuokoa kilikuwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mama alikuwa ametunza barua yake ya kuomba nakala ya hukumu, yenye muhuri wa baraza wa tarehe 9 Machi, na nakala yenyewe iliyoonyesha alikabidhiwa tarehe 27 Machi. Sheria ya Ukomo inaziondoa kwenye hesabu siku zilizohitajika kupata nakala. Siku 18 zikatoka, na mwisho ukasogea hadi tarehe 8 Mei. Tulibakiwa na siku nne. (Tangu hapo siwaambii wateja "kaombe nakala". Nawaambia "kaombe kwa barua, nakala ya barua igongwe muhuri, urudi nayo".)

Kisha likaja la ada ya kufungulia rufaa. Ile si yangu niisamehe, ni ya mahakama. Mwezi Mei, kama mnavyojua au mtakavyojua, mkulima wa korosho hana kitu, maana minada huanza Oktoba. Ipo njia ya kuomba kufungua shauri kama mtu maskini, lakini hayo ni maombi yenye hatua zake, na kwa siku nne sikuthubutu kuyategemea. Nikalipa mfukoni mwangu. Usifanye hivyo kuwa desturi. Mteja wa pili atasikia, na atakuja akiamini pro bono inajumuisha ada, nauli na chapati ya mchana.

Sababu yetu kubwa ya rufaa ilikuwa kwamba maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu. Mahakama Kuu ilikubali, ikafuta mwenendo wote na hukumu, kila upande ukabeba gharama zake, na shauri likarudi kusikilizwa upya mbele ya mwenyekiti mwingine. Kwa lugha ya mama, tukarudi tulikotoka.

Safari hii nikaandika barua kabla ya kufungua mdomo. Ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, bila kifungu cha sheria hata kimoja. Ilisema nitamwakilisha katika baraza hadi hukumu, bila ada. Hukumu ikitoka, nitamweleza siku ileile kama kuna njia ya rufaa na tarehe ya mwisho ya kuikata. Rufaa ni makubaliano mapya, na nikiwa siwezi, nitamwambia ndani ya siku saba ili atafute mwingine. Ada za baraza, nakala na nauli za mashahidi ni zake. Akishindwa anaweza kudaiwa gharama. Nikijitoa kabla, nitampa notisi na faili lake lote.

Kabla ya kuiandika niliangalia pia jambo nililoliruka mwanzoni: kama ofisi yetu iliwahi kumhudumia shemeji au mtu wake. Mji huu mdogo, na mgongano wa maslahi hauulizi kama ulilipwa.

Hasomi vizuri, kwa hiyo nilimsomea mbele ya binti yake, mstari kwa mstari. Alinisimamisha kwenye nauli.

"Mashahidi wangapi?"

"Watatu, mama."

Akahesabu kwa vidole, akasema mmoja yuko Mtwara mjini, kwa hiyo ni wawili tu wa kuwalipia. Ndipo akatia dole gumba kwenye wino.