Kuomba Likizo Katika Idara ya Uhasibu: Soma Kalenda ya Dawati Lako Kwanza

Mwaka wangu wa kwanza katika idara ya uhasibu niliomba likizo katikati ya Februari, nikiamini kwamba nimechagua wakati mzuri kuliko mtu yeyote ofisini. Kampuni ilikuwa ikisambaza madaftari, sare na vifaa vingine vya shule jijini Dar es Salaam, na kila aliyepita ghalani aliona kwamba purukushani za Desemba na Januari zimekwisha: malori hayapangi foleni tena, wapakiaji wanacheza bao kivulini, na watu wa mauzo wamerudi kutoka mikoani. Niliandika kwenye fomu kwamba naomba siku 28 kwa kuwa "kazi imepungua". Mhasibu mkuu aliisoma, akaigeuza kana kwamba anatafuta maelezo mengine nyuma yake, kisha akanirudishia bila kusaini. Aliniuliza swali moja tu: "Kazi imepungua kwa nani?"

Swali lile lilinifundisha jambo ambalo ningependa ninyi mnaoanza mlijue kabla ya kujaza fomu ya kwanza. Msimu wa biashara na msimu wa idara yenu si kitu kimoja, kwa sababu kazi ya uhasibu huifuata biashara kwa nyuma. Mzigo uliouzwa Januari kwa mkopo wa siku 30 au 60 hudaiwa Februari na Machi, na wanaopigia wateja simu ni watu wa dawati la wadaiwa, wakati watu wa mauzo wamekwisha kupumzika. Bidhaa zilizohesabiwa ghalani tarehe 31 Desemba huja kuulizwa na wakaguzi wa hesabu wiki kadhaa baadaye, na kwetu walikuwa wakiingia Februari hiyohiyo niliyoiona kimya. Aliyehesabu katoni za madaftari ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini karatasi yake inasema 412 na kompyuta inasema 421. Mimi ndiye niliyehesabu.

Ndani ya mwezi pia kuna misimu midogo, na hiyo haifanani kwa madawati yote. Kwa Tanzania, kodi inayokatwa kwenye mishahara hupelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani huwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mtu wa mishahara huanza kubanwa kuanzia karibu tarehe 18, anapokusanya mahudhurio na makato, hadi tarehe 7 anapolipa kodi. Baada ya hapo ana takriban siku kumi za kupumua. Mtu wa ankara za manunuzi, anayeandaa upande wake wa ritani, hubanwa katika siku hizohizo ambazo mwenzake anapumua, naye huachiwa baada ya tarehe 20. Watu wawili wanaokaa meza moja wanaweza kuwa na kalenda zinazopishana kabisa, na mara nyingi hiyo ni heri, kwa kuwa ndiyo inayowawezesha kushikiana nafasi.

Juu ya hayo weka tarehe za mwaka mzima. Kampuni inayofunga hesabu zake 31 Desemba hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani yake ya mwaka hutakiwa ifikapo 30 Juni. Kuna pia jambo ambalo wageni hulisahau: wahasibu wasaidizi wengi hufanya mitihani ya bodi ya wahasibu Mei na Novemba, hivyo katika miezi hiyo fomu kadhaa hufika mezani kwa pamoja zikitaka wiki zilezile. Ukiwa hufanyi mtihani na harusi yako haijapangwa Novemba, waachie wenzako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na sikukuu zinazoangukia ndani ya siku hizo huhesabiwa humohumo. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kuamua likizo ichukuliwe lini, ilimradi isivuke miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 ikiwa wewe mwenyewe umekubali na mahitaji ya kazi yanahalalisha kusogeza. Maana yake ni kwamba likizo yenyewe huiombi kama hisani, ila wakati wake mnaupanga pamoja. Nimeona vijana wakikosea pande zote mbili: mmoja anaingia kwa meneja akinukuu kifungu kana kwamba yuko barazani, mwingine anapiga magoti kwa jambo ambalo ni stahili yake. Wote hutoka bila kujadili tarehe, na tarehe ndiyo inayoweza kujadiliwa.

Nieleze ombi moja lililoandikwa vizuri, ili muone linavyojengwa. Mwaka 2025 dada mmoja wa dawati letu la ankara za manunuzi alikuwa na harusi ya mdogo wake Tanga, Jumamosi ya tarehe 16 Agosti. Kwenye ratiba ya likizo tuliyojaza Januari alikuwa amejiandikia Oktoba, ila kamati ya harusi ilipotangaza tarehe mwezi Mei, mpango ukabidi ubadilike. Alitaka wiki mbili, kuanzia Jumatatu ya tarehe 11 hadi Jumapili ya tarehe 24. Kwa biashara yetu Agosti ni mwezi mzuri, kwa sababu muhula wa pili umekwisha kuanza Julai na mauzo yametulia. Kwa dawati lake haukuwa mzuri hata kidogo: ritani ya Julai, ambayo hubeba manunuzi mengi kuliko miezi ya kawaida, ilikuwa ikidaiwa Jumatano ya tarehe 20, katikati kabisa ya siku alizoomba.

Hakulificha hilo, na hapo ndipo ombi lake lilipopata nguvu. Kwanza alimwendea mwenzake wa mishahara, ambaye siku hizo angekuwa na nafasi angalau hadi tarehe 18, akamuuliza kama atakubali kumkaimu, kabla meneja hajasikia lolote. Kisha akapeleka barua Jumanne ya tarehe 10 Juni, yaani baada ya kodi ya mishahara kulipwa na kabla ya wiki ya ritani kuanza. Meneja aliyeshika ritani mkononi hujibu "tutaona", na neno hilo huweza kukaa mezani mwezi mzima. Nakumbuka sehemu ya barua yake, kwa kuwa baadaye niliomba ruhusa ya kuitumia kama mfano kwa wanaoanza:

"Ninafahamu kwamba tarehe 20 Agosti itaniangukia nikiwa likizo. Jedwali la manunuzi ya Julai nitalikamilisha Alhamisi ya tarehe 7, kwa kuwa Ijumaa ya tarehe 8 ni sikukuu ya Nanenane, na wewe utaweza kulikagua kabla sijaondoka. Ankara zitakazochelewa kufika baada ya hapo sitaweza kuziingiza. Napendekeza ziingie kwenye ritani ya Agosti. Usuluhishi wa hesabu za wauzaji wawili wakubwa hautakuwa umekwisha, nami nitaumaliza katika juma la kwanza nikirudi."

Tazameni sentensi mbili za mwisho. Mtu asiye na uzoefu angeandika kwamba kazi zote atakuwa amezimaliza, na meneja yeyote anajua kwamba hilo haliwezekani, hivyo angeanza kujiuliza ni lipi limefichwa. Huyu alitaja kisichokwisha, akasema kitakwisha lini, na kwa ankara zilizochelewa akatoa njia ambayo kweli ipo, kwa kuwa kodi iliyolipwa kwenye manunuzi si lazima idaiwe mwezi uleule wa ankara, mradi muda uliowekwa haujapita. Meneja hakuhitaji kuambiwa kwamba dada huyu anauelewa uzito wa kazi, maana alikuwa akiusoma kwenye barua.

Kuna ahadi moja ambayo hakuiweka, nami nawasihi msiiweke: kwamba simu yangu itakuwa wazi muda wote. Kwanza sheria haimruhusu mwajiri kukufanyisha kazi ukiwa katika likizo ya mwaka bila ridhaa yako. Pili, ahadi hiyo huwa kisingizio cha makabidhiano mabovu. Mtu anayejua kwamba atapigiwa haandiki chochote, na siku ya pili tu simu inaita: faili liko wapi, nani alisaini, huyu muuzaji tulimlipa au bado? Wala msiache nywila zenu kwa mwenzenu kwenye kikaratasi. Anayekaimu aombewe ruhusa yake mwenyewe katika mfumo, na hilo hushughulikiwa siku kadhaa kabla, si jioni ya kuondoka.

Meneja alikubali tarehe zote, ila akaongeza sharti moja ambalo mimi nililiona la busara kuliko makabidhiano yoyote ya maandishi. Tarehe 5 na 6 Agosti, anayekaimu akae kwenye kiti cha mwenye dawati na aingize ankara kwa mikono yake, na mwenye dawati akae pembeni bila kugusa kibodi. Siku ya kwanza pekee yalijitokeza mambo matatu ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya makabidhiano, kwa kuwa mwenye dawati aliyazoea kiasi cha kutoyaona. Mojawapo lilikuwa muuzaji wa karatasi ambaye ankara zake huja mara kwa mara na namba yetu ya mlipakodi ikiwa imekosewa. Jina la mtu wa kumpigia kwa muuzaji yule halikuwa limeandikwa popote isipokuwa kwenye simu ya dada mwenyewe, na likaandikwa siku ileile kwenye jalada la ndani la faili.

Tarehe 18 Agosti, wakati wenzetu wa Tanga wakila makombo ya harusi, meneja aliyekuwa akipitia jedwali kwa mara ya mwisho alikuta ankara ya muuzaji huyohuyo, nayo namba imekosewa. Anayekaimu alifungua faili, akapiga simu, akaletewa ankara sahihi kesho yake asubuhi, na ritani ikapelekwa tarehe 19. Dada alilisikia jambo hilo Jumatatu ya tarehe 25, aliporudi. Juu ya meza yake alikuta fomu ya likizo ya Novemba ya mwenzake wa mishahara, anayejiandaa na mitihani, ikiwa imejazwa kila mahali isipokuwa nafasi ya jina la atakayemkaimu.