Jojo ya nikotini si bazoka

Natafuna jojo ya nikotini siku ya tatu sasa, kwikwi na kiungulia vinanisumbua na hamu ya sigara iko palepale. Nibadilishe kampuni?

Badilisha utafunaji. Swali hili nalijibu kila mara, na kikaratasi cha maelezo kimo ndani ya boksi.

Nikotini ya jojo inatakiwa iingie mwilini kupitia ngozi laini ya mdomo. Ukiitafuna mfululizo kama bazoka inatoka kwa mkupuo, unaimeza na mate, tumbo linachafuka, na sehemu kubwa ya uliyomeza inaharibiwa na ini kabla haijafika kichwani. Tafuna polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili manga, kisha acha na uibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukipoa, baada ya kama dakika moja, tafuna tena kidogo uihamishie shavu la pili. Jojo moja ni kazi ya nusu saa. Kahawa, soda na juisi ya ukwaju huacha uchachu mdomoni unaozuia nikotini kufyonzwa, kwa hiyo viache dakika 15 kabla, wala usinywe kitu ukiwa nayo mdomoni.

Nilitumia wiki mbili, nikarudi kwenye fegi. Si biashara tu hizi?

Ulitumia ngapi kwa siku? Hapo ndipo wengi wananyamaza.

Alinijia dereva mmoja na lalamiko hilohilo. Pakiti nzima kwa siku, yaani sigara 20, na ya kwanza anaiwasha kabla hajashuka kitandani. Jojo aliyouziwa ilikuwa ya miligramu 2, naye alikuwa akitafuna tatu kwa siku, kila moja akisubiri kwanza arosto impande. Hesabu hiyo haiwezi kushinda pakiti. Anayewasha sigara ndani ya dakika 30 tangu aamke anahitaji ya miligramu 4, moja kila baada ya saa moja au mbili kwa wiki 6 za mwanzo, hamu iwepo isiwepo. Moshi hufikisha nikotini kichwani kwa sekunde chache, jojo inachukua dakika nyingi. Ukingoja mpaka mikono itetemeke, umeshachelewa.

Nikamwongezea plasta ya nikotini ya miligramu 21, ibandikwe kila asubuhi. Plasta inashika kiwango cha chini kutwa nzima, jojo inazima zile hamu za ghafla, kwake ilikuwa foleni na kikombe cha kahawa cha asubuhi. Kwa kuwa plasta ilishabeba mzigo mkubwa, jojo hakuihitaji tena kila saa. Nilimwambia arudi baada ya wiki moja. Alirudi analalamika usingizi, tukakubaliana plasta aivue akienda kulala. Ratiba yake ilikuwa wiki 6 za plasta ya 21, wiki 2 za 14, wiki 2 za 7. Wengi huitupa wiki ya tatu kwa sababu wanajisikia wamepona.

Na muuzaji anayekukabidhi boksi bila kukuuliza unavuta ngapi na ya kwanza saa ngapi, huyo kweli anafanya biashara tu.

Nimebandika plasta halafu nikavuta moja. Nitakufa?

Hapana. Acha plasta ilipo na uendelee. Ukiona kichefuchefu, mate mengi, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nikotini imezidi: ivue, oshea hapo maji matupu, uje tuzungumze.

Ngozi inawasha chini ya plasta.

Unarudia palepale. Hamisha kila siku, juu ya mkono, kifuani, nyongani, ngozi kavu isiyo na nywele wala mafuta, na usirudi mahali pamoja kabla ya wiki kuisha. Iliyotumika ikunje gundi kwa gundi uitupe mbali na watoto, bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mdogo.

Nina pumu, natumia vidonge vya theofilini. Plasta itagongana navyo?

Afadhali umeuliza. Plasta haina neno, jambo liko kwenye kuacha kwenyewe. Lami ya moshi, wala si nikotini, huharakisha ini kuisaga theofilini, kwa hiyo dozi yako huenda ilipangwa ukiwa mvutaji. Moshi ukikoma, dawa inajaa kwenye damu ndani ya siku chache: kutapika, mikono kutetemeka, moyo kupiga ovyo, hata degedege. Mwambie daktari wako tarehe unayoacha kabla haijafika, dozi ipunguzwe. Anayetumia klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, afanye vivyo hivyo. Kahawa nayo inasagwa na kimeng'enya hichohicho cha ini kinachosaga theofilini, ndiyo maana vikombe vyako vya kawaida vitakukosesha usingizi ghafla, nawe utailaumu plasta. Punguza nusu.

Na vile vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, si ni kitu kilekile?

Havikutengenezwa ili uache. Ladha ya embe na boksi la kung'aa havikulengwa kwako wewe wa miaka 50, vimelengwa kwa mwanao.