Mzee alisema mchezo ni mrefu, karata zilikuwa na hadithi nyingine

Mchezo wa karata wa daladala nilioubuni ulipendwa na kila mtu, maana kila mtu alikuwa binamu yangu au rafiki wa binamu yangu. Kila walipokwama walinitazama usoni, nami nikawaelekeza, kisha tukasema mchezo ni mwepesi.

Ndipo nikaupeleka kwenye kijiwe cha kahawa ambako hawanijui, wanakocheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikanunua kahawa na kashata, nikaomba watu wanne, nikaweka mezani pakiti ya karata 60 na karatasi moja ya maelekezo. Nikawaambia, “Shikamooni wazee. Naujaribu mchezo, siwajaribu nyinyi. Mkikwama, amueni wenyewe kama vile sipo.” Sentensi hiyo ya mwisho isemwe kabla ya karata kugawiwa, kwa sababu watakuuliza tu. Mmoja aliuliza, “Sasa hapa tunafanyaje?” Nikamjibu, “Ningekuwa nyumbani mngefanyaje?” na swali lake nikaliandika lilivyo. Swali hilo ni kosa la karatasi yangu, na ningelijibu ningelifuta ushahidi.

Kunyamaza ni kazi ngumu. Mimi hukaa nyuma ya mchezaji mmoja, si mezani, na daftari mapajani na saa mkononi. Sina haja ya kuandika nani anashinda. Naangalia mikono: nani kanyoosha mkono kuchukua karata akasita, nani karudia kusoma karatasi, nani katoa simu wakati si zamu yake. Pale kijiweni mzee mmoja aliipiga karata ya Trafiki mezani kwa kishindo, kama mtu aliyeshika turufu, halafu akakuta haimfanyi lolote aliyemlenga. Picha ya karata hiyo nilikuwa nimeichora kubwa na nyekundu kuliko zote. Mzee hakulalamika, wala baadaye hakuitaja. Uso wake ndio uliosema, na bila kuuona nisingejua kamwe.

Mchezo ulikwisha baada ya dakika 70. Mzee yule akaniambia, “Mwanangu, mchezo mzuri ila mrefu. Punguza karata.” Wengine wakaitikia.

Hapa ndipo wengi wetu tunaobuni michezo tunapoharibu. Mchezaji akikupa dawa, mshukuru, andika, lakini usiinywe kabla ya kujua kinachouma. Kwamba waliuona mchezo mrefu, hilo ni kweli na halina ubishi. Kwamba chanzo ni wingi wa karata, hiyo ni dhana yake tu, na yeye hakuona mchezo kutoka nilipokaa mimi.

Nikafungua daftari. Kila mtu alicheza zamu 12, jumla zamu 48. Karibu kila zamu niliandika “anajumlisha”, maana nauli kwenye karata zilikuwa 400, 550, 700, kama za barabarani, na mtu alipofika kituoni alilazimika kuzijumlisha zote. Mmoja alitoa kikokotoo cha simu. Nilipima zamu kadhaa, hesabu ilichukua kama sekunde 40. Zidisha kwa 48 upate dakika 32. Karibu nusu ya mchezo wangu ilikuwa mtihani wa hisabati, na watatu wakimsubiri mmoja!

Ningemsikiliza mzee na kutoa karata 12, kila mtu angepoteza zamu 3. Mchezo ungeshuka hadi dakika 53 hivi, lakini kuchosha kungebaki palepale, na njia za mbali, ambazo ndizo utamu wenyewe, zisingepata muda wa kujazwa. Basi karata nikaziacha 60. Nikafuta nauli za shilingi, kila abiria akalipa kete 1, 2 au 3, zinazochukuliwa papo hapo anapopanda. Hakuna tena kujumlisha kituoni.

Nilibadilisha hilo tu. Trafiki nilitamani sana kumrekebisha siku ileile, ila ningegusa vyote viwili nisingejua kipi kimefanya nini. Nikaandika “toleo la 4” juu ya karatasi, nikatafuta watu wapya kijiwe kingine, kwa kuwa wale wa kwanza walishajua mchezo na wangeucheza haraka hata kama sijagusa kitu.

Dakika 44. Mwishoni sikuwauliza kama wameupenda, maana aliyenyweshwa kahawa hana jibu lingine. Nilimwomba kijana mmoja amweleze muuza kahawa namna ya kushinda. Alieleza vizuri nauli na vituo. Alipofika kwa Trafiki akasema, “Hii mwekee mwenye pesa nyingi, inamkamata.”

Kanuni yangu haikusema hivyo. Toleo la 5 linasema.