Bajeti ya vocha na bando: anza na dodoso, si na bili ya mwaka jana

Nikipanga gharama za simu na intaneti za ofisi yenye watu wa uwandani, sianzi na bili za zamani. Bili inakuonyesha fedha zilizotoka tu, haisemi kazi ilihitaji kiasi gani. Naanza na siku moja ya mtu mmoja.

Chukua timu ya watu 8 wanaojaza dodoso kwa simu. Kila mmoja anajaza dodoso 10 kwa siku, kila dodoso lina picha 3, na picha moja ina megabaiti 3 hivi. Hizo ni megabaiti 90 kwa siku. Ongeza 40 za ramani, barua pepe na ujumbe, unapata 130. Kwa siku 18 za uwandani inafika 2,340. Mtandao ukiwa dhaifu, picha hukwama na kutumwa upya, kwa hiyo naongeza asilimia 20: takriban gigabaiti 2.8 kwa mtu, sawa na 22.5 kwa timu nzima.

Kabla ya kuomba fedha hizo, fungua mipangilio ya dodoso na upunguze ukubwa wa picha. Ikishuka hadi nusu megabaiti, hesabu ileile inatoa gigabaiti 1.2 kwa mtu. Umeokoa zaidi ya nusu bila kumnyima mtu bando.

Ila dukani hununui gigabaiti mojamoja, unanunua kifurushi chenye mwisho wake, na hapa ndipo bajeti nyingi hupasuka. Tuseme siku zile 18 ni awamu mbili za siku 9 mfululizo. Bando la wiki linaisha siku ya saba, siku mbili zimebaki, basi unanunua jingine. Ni manne kwa kila mtu kwa mwezi, hata kama data ilibaki. Linganisha bei ya manne hayo na moja la siku 30 ndipo uandike.

Maongezi yahesabiwe peke yake kwa dakika: simu 6 za dakika 3 kwa siku 18 ni dakika 324 kwa mtu. Angalia kama kifurushi kinapiga mitandao yote, maana wanaohojiwa hawako wote kwenye mtandao wenu. Msimamizi mpe mstari wake, yeye hupiga zaidi, na huanza kupiga siku kadhaa kabla timu haijatoka.

Intaneti ya ofisini ni rahisi: malipo ya mwezi kama yalivyo kwenye mkataba, pamoja na kodi.

Kwenye jedwali, weka safu za watu, siku, kiasi kwa siku, bei na jumla, mwezi kwa mwezi. Usigawe jumla ya mwaka kwa 12, kwa sababu mwezi wa kuandika ripoti hauli bando kama mwezi wa kukusanya takwimu.

Awamu ya kwanza ikiisha, tazama kwenye mipangilio ya simu ni programu ipi imekula data. Ukikuta masasisho au nakala za picha binafsi ziko juu ya dodoso, zima matumizi ya data ya nyuma ya pazia kwa programu hizo kwanza, halafu ndipo uguse makadirio.