Mahusiano ya watu si misaada ya kibinadamu

*"Jambo Papa. Profesa ametupa TP: tulinganishe njia ya Taylor na njia ya Mayo ndani ya kiwanda. Kwa Taylor nimeandika 'usimamizi wa kisayansi', na kwa Mayo 'uhusiano wa kibinadamu'. Mwenzangu anasema ni 'mahusiano'. Nani ana haki?" (Mwanafunzi, Goma)*

Binti yangu, kati ya u- na ma- hamna haja ya kugombana, nitarudi hapo. Kinachoniumiza ni hilo neno ulilolipita bila kulitazama: kibinadamu.

Asili yake haina fumbo. Ni Kiarabu, mwana wa Adamu, yaani mtu yeyote. Lakini neno huishi pale linaposemwa, na hapa Goma "ya kibinadamu" tunaisikia kila asubuhi redioni ikifuata neno "misaada". Ni mahema, mifuko ya unga, foleni ya maji kambini. Hata mbali na kambi, mtu akisema "amenitendea kibinadamu" ana maana ya huruma. Kwa hiyo ukiandika "uhusiano wa kibinadamu kiwandani", msomaji amekwisha kuelewa kwamba Mayo ni yule mwenye huruma na Taylor ni mkatili. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi zilizoandikwa hivyo kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na kosa lilianzia kwenye tafsiri ya jina.

Tuingie kiwandani tuone. Hawthorne, ambako utafiti wa Mayo na wenzake ulifanyika, ilikuwa kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, Marekani. Mwaka 1927 wasichana watano waliokuwa wakiunganisha vifaa vidogo vya simu walitengwa katika chumba chao, na msichana wa sita akawa anawapangia vipande. Walipewa mapumziko, saa za kazi zikabadilishwa, malipo nayo yakahesabiwa kwa kundi lao dogo, na kazi ikaongezeka. Hii ndiyo hadithi ambayo kila mwanafunzi anaijua. Ila mapema mwaka 1928 wawili kati yao waliondolewa, kwa kuwa walizungumza mno na kazi yao ilikuwa chini, wakaletwa wengine. Huruma iko wapi hapo?

Sasa sogea hadi mwisho wa 1931. Chumba kingine, wanaume 14, wengi wao wakifunga nyaya. Malipo yalipanda kadiri kundi lilivyotoa kazi nyingi, kwa hiyo kwa hesabu ya pesa kila mtu angepaswa kukimbia. Hawakukimbia. Wenyewe walikuwa wamekubaliana kazi ya siku inaishia wapi, na aliyepita mpaka huo mwenzake alimpiga ngumi begani ili apunguze mwendo. Hakuna kapita aliyeamuru hivyo. Ile ngumi ndiyo kiini cha TP yako: watafiti waliona kwamba kinachoamua mwendo wa kazi si mshahara peke yake, ni pia mambo yaliyopo kati ya mtu na mtu, nani rafiki wa nani, nani anamwogopa nani. Mambo hayo yanaweza kuwa matamu au machungu. Kuyaita "ya kibinadamu" ni kuyapaka asali.

Na Taylor pia unamwonea. Soma anavyosimulia mwenyewe habari ya Bethlehem, kiwanda cha chuma cha Marekani, 1899: mtu aliyekuwa akibeba vipande vya chuma vya kilo 42 hivi kimoja kimoja alipanda kutoka tani 12 na nusu kwa siku hadi 47 na nusu, na mshahara wake ukatoka dola 1.15 hadi 1.85. Humo mna mapumziko vilevile, maana mtu yule aliambiwa wakati wa kubeba na wakati wa kuketi. Tofauti ni kwamba pumziko lilipimwa kwa saa, na mbebaji hakuulizwa wala hakutazamwa akiwa na wenzake. "Usimamizi wa kisayansi" basi uache ulivyo, ki- yake inafanya kazi ya haki: ni kusimamia kwa kupima.

Kwa Mayo andika "mahusiano ya watu kazini". Jaribu kila sentensi yako hivi: pale ulipoandika "kibinadamu", weka "yenye huruma". Ikiwa sentensi inasimama bila kutikisika, umeandika juu ya huruma, na profesa hakuulizia huruma. Badala yake andika, kwa mfano: "Taylor alimpima mfanyakazi mmoja na mwendo wa mikono yake; Mayo na wenzake walitazama kundi, wakakuta kundi lina sheria zake ambazo kapita hazijui." Sentensi hiyo haina mwema wala mbaya.

Kuhusu u- na ma-: wazee wangu walinifundisha "uhusiano" tu, na mimi nimechoka kupigania hilo. Kwenye chumba cha watu 14 kuna nyuzi nyingi kati yao. Mwenzako ana haki.